Bima ya maisha yenye akiba ndani, au bima tupu na akiba pembeni? Piga hesabu kabla hujasaini

Kila mwisho wa mwezi ukipita maofisi ya Moi Avenue au kule Shimanzi kwenye makampuni ya kliaringi huwezi kukosa ejenti wa bima na begi lake, na kotesheni aliyobeba ni ileile: weka elfu tano kila mwezi, miaka 15, ukifa watoto wanalipwa, usipokufa unalipwa wewe, hupotezi kitu. Maneno matamu. Na si uongo pia, ila hayajakamilika, kwa sababu swali lenyewe si kama utalipwa, swali ni utalipwa ngapi ukilinganisha na njia ya pili, yaani ununue bima tupu ya kifo (ile wanaiita tam laifu, usipokufa hurudishiwi hata ndururu) halafu zile pesa zinazobaki uziweke mwenyewe mahali zizae.

Mtandaoni kuna watu wameshakata shauri kitambo, watakwambia polisi ya bima yenye akiba ni wizi na maneno yakaisha hapo. Mimi nimekaa na hesabu za watu kadhaa hapa Mombasa na naona jibu linageuka kwa mambo mawili, la kwanza una peisilipu inayokatwa PAYE au huna, la pili utafika mwisho wa polisi au utaivunja njiani. Hebu twende taratibu na mfano mmoja mpaka mwisho, binamu yangu anafanya kazi kwenye kampuni ya kliaringi, ana miaka 33, watoto wawili, na mkewe, yaani shemeji yangu, anauza madera na vitenge Kongowea. Wote wawili waliletewa kotesheni ileile siku moja. Namba nitakazotumia ni za mfano, nimezipunguza senti zisisumbue, wewe utaweka za kotesheni yako.

Hatua ya 1: toa namba tatu kwenye karatasi ya ejenti

Kotesheni ina kurasa nyingi na picha ya familia inacheka, wewe tafuta namba tatu tu. Premiamu ya mwezi, kwenye mfano wetu 5,000. Kiasi cha bima kilichohakikishwa, hapa 750,000. Na kile wanachokadiria utapata polisi ikiiva, hapa 1,256,500.

Sasa simama hapo kidogo. Elfu tano mara miezi 180 ni 900,000, yaani kile kilichohakikishwa ni kidogo kuliko pesa utakazotoa mfukoni! Tofauti yote inajazwa na bonasi, na bonasi hutangazwa mwaka kwa mwaka kulingana na kampuni ilivyopata, na ikishatangazwa ndio inakuwa yako. Hiyo 1,256,500 imetoka kwa kudhania bonasi ya asilimia 3.5 kila mwaka juu kwa juu miaka yote 15. Bonasi ikiwa asilimia 2, utapata kama 1,009,000. Kwa hivyo muulize ejenti bila kuona haya, bonasi mlizotangaza miaka mitano iliyopita ni ngapi, mwaka kwa mwaka, nionyeshe kwa maandishi. Kampuni nzuri haina shida na hilo swali, inayozungukazunguka ishakujibu.

Ikiwa kotesheni yako haina bonasi bali ina yuniti zinazopanda na kushuka na soko, namba ya tatu ni makadirio zaidi hata, na hapo uliza makato yote kwa mwaka ni asilimia ngapi, kuanzia ada ya kuendesha mfuko mpaka ada ya polisi.

Hatua ya 2: jua polisi inakulipa asilimia ngapi kwa mwaka

Watu wengi hulinganisha 900,000 na 1,256,500 wakaona wamepata faida ya laki tatu na nusu, wakasaini. Lakini hizo laki tatu na nusu zimechukua miaka 15, na elfu tano ya mwezi wa kwanza imekaa huko ndani muda wote huo. Fungua Excel au Google Sheets kwenye simu, andika hivi:

```
=RATE(180,-5000,0,1256500)*12
```

Jibu ni 0.0425 hivi, yaani asilimia 4 na robo kwa mwaka. Alama ya kutoa mbele ya 5000 usiisahau maana bila hiyo itakuletea makosa, pesa inayotoka mfukoni huandikwa na kutoa. Ukiweka ile bonasi ya asilimia 2, yaani 1009000 mahali pa 1256500, inashuka mpaka asilimia moja na nusu.

Sasa kumbuka Benki Kuu yetu lengo lake la mfumuko wa bei ni asilimia 5, inaruhusu ipande au ishuke 2.5 kila upande. Asilimia 4 na robo iko chini ya hapo. Kwa haki lakini tuseme pia, ndani ya hiyo asilimia kuna bima umekula, kama ungekufa mwaka wa pili familia ingepata laki saba na nusu na zaidi, kwa hivyo si sawa kuilinganisha moja kwa moja na akiba tupu. Ndio maana tunaenda hatua ya tatu.

Hatua ya 3: tafuta bei ya bima tupu, na uitafute kweli

Hapa ndipo watu hukwama, kwa sababu ejenti hakuletei. Kamisheni ya ejenti inatoka kwenye premiamu, na ya mwaka wa kwanza ndio nono, sasa mtu atauza polisi ya 5,000 kwa mwezi au ya 900? Wewe ungekuwa yeye ungeuza gani. Kwa hivyo nenda mwenyewe tawini au kwa broka anayeuza kampuni nyingi, sema neno kwa neno: nataka bima ya maisha tupu, miaka 15, kava ya milioni mbili, premiamu isipande mpaka mwisho, bila akiba. Wakianza kukurudisha kwenye mpango wa elimu wa watoto, ishukuru ofisi, nenda inayofuata. Chukua kotesheni tatu, bei hutofautiana sana.

Mbona milioni mbili na si 750,000? Kwa sababu kazi ya bima ni kuishika familia mshahara ukikatika. Binamu anapeleka nyumbani kama 45,000 kwa mwezi, laki saba na nusu ni mwaka na miezi minne hivi, halafu? Watoto bado wako praimari. Milioni mbili inapita kidogo miaka mitatu na nusu, haitoshi sana pia lakini shemeji atakuwa amepata nafasi ya kupanua biashara. Kazini kwake wana bima ya kikundi, ila hiyo inakufa siku ile anapoacha kazi, usiihesabu kama nguzo.

Tuseme bei imekuja 900 kwa mwezi kwa milioni mbili. Yako itategemea umri, unavuta sigara au la, na afya. Na kwenye fomu ya afya andika ukweli wote, kama una presha au sukari sema, utapandishiwa bei kidogo ama upelekwe kupimwa, basi. Ukificha, wanaokuja kuteseka si wewe ni mjane wako, kampuni itatafuta faili za hospitali na kukataa kulipa, na hiyo ni njia mojawapo ya bima kukosa kulipwa. Soma pia kipengele cha kujiua, polisi nyingi hazilipi ikitokea ndani ya kipindi fulani cha mwanzo.

Hatua ya 4: kodi, na hapa ndio mume na mke wanaachana njia

Sheria ya kodi ya mapato inampa mkazi wa Kenya anayelipa premiamu ya bima ya maisha nafuu ya asilimia 15 ya premiamu, mwisho shilingi 60,000 kwa mwaka. Polisi ya elimu lazima iwe ya miaka isiyopungua 10 ndio ihesabiwe. Hii si makato kwenye mshahara kabla ya kodi, ni kodi yenyewe inapunguzwa, kwa hivyo ni pesa taslimu kabisa.

Binamu akilipa 5,000 anapunguziwa kodi 750 kwa mwezi, mfukoni inamtoka 4,250. Rudia ile fomula uweke -4250 mahali pa -5000, utaona imeruka mpaka asilimia 6 na kidogo. Kuna watu hubishana usiku kucha juu ya polisi hizi bila kuitaja hiyo nafuu, wakati peke yake inaongeza karibu asilimia mbili kila mwaka.

Lakini haiji yenyewe. Kampuni ya bima inakupa cheti cha premiamu za mwaka, unakipeleka kwa eichaa wako wakiingize kwenye PAYE, ama unajaza mwenyewe kwenye iTax ukipeleka ritani. Angalia P9 yako mwisho wa mwaka, kama mstari wa nafuu ya bima uko sifuri basi umekuwa ukilipa premiamu kamili bure, na wapo wengi hivyo, mtu ana polisi mwaka wa sita hajawahi kupeleka cheti.

Shemeji pale Kongowea hana peisilipu. Kile anacholipa serikali, kama analipa, si PAYE, na nafuu hii ni ya kupunguza kodi ya mapato unayodaiwa, kama hudaiwi hakuna cha kupunguzwa. Kwake yeye premiamu ni 5,000 kamili na faida ni ile asilimia 4 na robo. Kotesheni moja, ejenti mmoja, nyumba moja, majibu mawili.

Hatua ya 5: weka hizo njia mbili sambamba

Sheria ni moja, pesa inayotoka mfukoni lazima iwe sawa pande zote mbili, ukiivunja hii utajidanganya.

Kwa akiba ya pembeni nachukua mfuko wa mani maketi, maana ndio rahisi kuanza na kidogo, unatuma kwa peibili, na unasimamiwa chini ya leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Faida yake inakatwa kodi ya asilimia 15 kabla haijakufikia. Mwaka 2024 kuna mifuko ilipita asilimia 15, watu wakachangamka, kisha viwango vikashuka. Usipige hesabu ya miaka 15 kwa reti ya mwaka mmoja mzuri. Mimi nachukua 9 kabla ya kodi, ikikatwa inabaki 7.65.

Tuanze na shemeji kwa kuwa yake ni nyepesi. Ana 5,000. Bima tupu ya milioni mbili 900 (tuseme bei yake na ya mumewe ni moja), inabaki 4,100 ya kuweka:

```
=FV(0.0765/12,180,-4100)
```

Inatoka kama 1,375,000. Polisi ya ejenti ilikuwa 1,256,500 na bima yake ni 750,000 pamoja na bonasi zinazojikusanya. Kwa hivyo shemeji akienda njia ya pembeni anapata zaidi ya laki moja juu, na kava yake ni kubwa zaidi. Kwa asiye na peisilipu sioni ubishi mkubwa hapa.

Binamu sasa. Mfukoni mwake inatoka 4,250 kwa polisi. Kwa hizohizo, bima tupu ni 900 toa nafuu ya 135 (hata bima tupu inapata asilimia 15), yaani 765, inabaki 3,485 ya kuweka. Badilisha namba kwenye FV, utapata kama 1,169,000. Ngoja, ni kidogo kuliko polisi! Polisi imemshinda kwa kama 87,000 mwisho wa miaka 15.

Hapo ndipo binamu alinipigia simu anacheka, akaniambia "si nilikwambia babu, ejenti si mwongo." Nikamwambia sawa, lakini umelinganisha kava ya milioni mbili na ya laki saba na nusu. Chukua bima tupu ya 750,000 tu, tuseme 400 kwa mwezi, ukitoa nafuu ni 340, inabaki 3,910, na FV inakuja kama 1,312,000, akiba ya pembeni imerudi juu kwa 55,000 hivi. Na faida ya mfuko ikishuka mpaka 7 kabla ya kodi, polisi inashinda tena pote. Yaani kwa mtu mwenye PAYE anayelipa mpaka mwisho na bonasi zikatimia kama zilivyokadiriwa, hizi njia mbili zinakimbizana bega kwa bega, asije mtu akakwambia moja ni mara mbili ya nyingine. Ila angalia nimeweka masharti mangapi kwenye sentensi hiyo moja.

Hatua ya 6: jaribu kufa mwaka wa saba

Samahani kwa lugha, lakini bila hii hesabu haina maana, ni bima tunazungumzia. Binamu akifariki baada ya kulipa miaka 7, polisi ya ejenti italipa 750,000 na bonasi za miaka hiyo, kama 954,000. Njia ya pembeni italipa milioni mbili, na mfuko utakuwa umefika kama 385,000, jumla karibu 2,385,000. Zaidi ya mara mbili, kwa pesa ileile iliyotoka mfukoni.

Kwangu mimi hapa ndipo mizani inalala. Ile 87,000 ya mwisho wa mwaka wa 15 ni pesa ambayo binamu atakuwepo kuikosa, na akiwepo ana mikono ya kutafuta nyingine. Milioni moja na laki nne pungufu ni watoto waliokosa baba na ada pamoja.

Hatua ya 7: jaribu kuivunja mwaka wa nne

Hili hutokea zaidi kuliko kufa. Meli zikipungua bandarini kliaringi inakuwa na wiki za ukame, mshahara unachelewa, na kitu cha kwanza kukatwa ni bima. Kwa kawaida polisi zetu hazina thamani yoyote ya kusarenda, yaani pesa unazorudishiwa ukiivunja, mpaka umelipa miaka mitatu kamili, ukiacha mwezi wa 30 umetoa 150,000 na unatoka mikono mitupu. Sababu ni ileile kamisheni ya mwanzo na gharama za kufungua polisi, zimeshaliwa kitambo.

Omba jedwali la thamani za kusarenda kabla ya kusaini, mwaka kwa mwaka mpaka wa 15. Ejenti akisema ofisi haitoi, polisi hiyo iache. Tuseme lake linaonyesha 105,000 baada ya miaka minne. Binamu atakuwa amelipa premiamu za 240,000. Halafu kuna kitu hakisemwi kabisa, sheria inasema ukisarenda kabla ya kuiva, ile nafuu ya kodi uliyopewa yote inakatwa kwenye pesa za kusarenda na kampuni inaipeleka KRA. Miezi 48 mara 750 ni 36,000. Anabaki na 69,000.

Kwa njia ya pembeni, miaka minne hiyohiyo, mfuko una kama 195,000, na anaweza kutoa nusu akaacha nusu, na bima yake ya 900 akaendelea kuilipa maana 900 haikosekani hata wiki ya ukame. Kwa hivyo jiulize kwa ukweli, si kama unaweza kulipa elfu tano leo, bali ungeweza kulipa kwenye ule mwezi mbaya zaidi uliowahi kupitia miaka mitano iliyopita? Kama hapana, polisi ya akiba si yako hata uwe na peisilipu ya dhahabu.

Hatua ya 8: ukichagua njia ya pembeni, izibe isivuje

Utetezi mkubwa wa maejenti, na wana haki, ni kwamba watu hununua bima tupu halafu ile tofauti hawawekezi, inaishia kwenye harusi na mitumba. Mfuko unaotoa pesa kwa siku mbili tatu ni raha na ni balaa.

Anza na bima kabla ya mfuko, usubiri barua ya kukubaliwa, maana afya ikibadilika katikati bei itabadilika. Andika wanufaika kwa majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho na asilimia zao, na kama ni mtoto chini ya miaka 18 mtaje na mlezi, la sivyo pesa itakaa ikisubiri karatasi za korti. Kwa Waislamu kaa na sheikh unayemwamini muulize kuhusu mnufaika na mirathi kabla, si baada, maana ndugu wengi wamefikishana kwa Kadhi kwa jambo hili hili. Na kama riba inakusumbua moyo uliza mifuko inayofuata sharia, ipo, na uliza takaful ya familia badala ya bima ya kawaida, hatua za hesabu ni zilezile ila faida weka kiwango chake.

Kisha weka malipo yajiendeshe. M-Pesa Ratiba inatuma yenyewe siku unayopanga, ama agizo la kudumu benki, na ipange siku ya pili baada ya mshahara, si tarehe 28 wakati umebakiwa na nauli ya matatu. Mama wa soko kama shemeji asingoje mwezi, aweke 140 kila siku, inafika 4,100 bila kuisikia.

Mani maketi ni mlango tu. Ikifika 50,000 unaweza kununua bondi ya serikali kupitia DhowCSD ya Benki Kuu, faida yake, yaani kuponi, inalipwa kila miezi sita, na pesa ikiwa huko haichotwi kirahisi kwa sababu ya sherehe ya mtu. Bei ya bondi ikiuzwa kabla ya muda hupanda na kushuka kwa hivyo nunua ya muda unaoweza kungoja. Wengine hupeleka sako, sawa pia, amana haitoki mpaka ujiuzulu uanachama, ukufuli mzuri huo, ila angalia sako imepewa leseni na SASRA.

Na ile bima tupu, lipa kwa tarehe. Kuna siku za neema, mara nyingi 30, zikipita polisi inakufa na hakuna thamani ndani ya kuishikilia, utaanza upya na umri mkubwa na pengine na presha.

Ni nani basi achukue ile yenye akiba ndani?

Mwenye PAYE, kazi ya kudumu ya serikali au shirika, ambaye ana bima nyingine ya kutosha tayari, akiba ya dharura iko, na anajijua kabisa kwamba pesa inayofikika haikai. Kwake yeye ukufuli ni faida na zile asilimia 6 si haba. Achukue ndogo, na aangalie bonasi za nyuma.

Na kama tayari unayo na iko nusu njia?

Usikimbilie kuivunja kwa sababu umesoma hesabu hizi! Hasara ya mwanzo ishapita, kilichobaki ni cha mbele tu. Uliza kampuni thamani ya kusarenda leo ni ngapi. Tuseme umelipa miaka 9, wanasema 520,000, na imebaki miezi 72:

```
=RATE(72,-5000,-520000,1256500)*12
```

Inakuja asilimia 7 na kidogo kwa mwaka kuanzia leo, bila kodi, na bado hujahesabu nafuu ya kila mwezi wala ile ya nyuma utakayorudisha ukivunja. Hiyo imalize. Lakini kama uko mwaka wa pili, thamani ya kusarenda ni sifuri, weka sifuri hapo na miezi iliyobaki uone inasema nini, halafu linganisha na 7.65 ya mfuko. Na kati ya kuendelea na kuvunja kuna mlango wa tatu ambao maofisi hayautaji usipouliza, unaacha kulipa na polisi inabaki hai kwa kiasi kidogo cha bima mpaka iive, ombeni hesabu yake kwa maandishi pamoja na ya kusarenda, zote mbili kwenye barua moja yenye tarehe.